Alopurinoli si dawa ya maumivu: kisa cha dereva wa lori mwenye jongo

Alishushwa kwenye bajaji kwa kubebwa. Kijana wake alimshika kwapa la kulia, mwenye bajaji akashika la kushoto, na mguu wa kushoto ukawa unaning'inia bila kugusa chini. Hakuwa ameanguka wala kugongwa. Goti lilikuwa limevimba hadi mshono wa suruali ulikuwa umefumuliwa kwa wembe nyumbani ili mguu upite.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba daktari. Tuongee kwanza, usiniguse."

Ni mzee wa miaka 57, dereva wa lori wa njia ya Dar es Salaam kwenda Tunduma, kilo 92, mwenye presha kwa miaka minane. Goti lilianza kuuma siku tatu nyuma, usiku. Joto la mwili lilikuwa 38.1. Kwenye mfuko wa rambo alikuwa amekuja na dawa zake zote, na mfuko ule ulinieleza mengi kuliko barua ya rufaa: haidroklorothiazaidi na enalaprili za presha, diklofenaki za kila rangi, na paketi moja ya alopurinoli ya miligramu 300 iliyobaki vidonge vinne. Tarehe iliyoandikwa kwa kalamu kwenye paketi ilikuwa ya miezi saba iliyopita.

Nikamwuliza zile anazinywaje. "Zile ni za mguu. Ukiniuma nakunywa moja, ukitulia naacha. Ila siku hizi hazinisaidii. Zinazidisha."

Maelezo yake yalikuwa sahihi kabisa. Zilikuwa zinazidisha kweli, na sababu ya kuzidisha ndiyo kiini cha kisa hiki.

Historia yenyewe

Mara ya kwanza ilikuwa miaka sita iliyopita. Alirudi kwenye sherehe ya send-ofu ya mtoto wa kaka yake, akalala vizuri, na saa tisa usiku akaamshwa na maumivu ya dole gumba la mguu wa kulia. Shuka likigusa dole, anaona kama moto. Asubuhi dole lilikuwa jekundu na linang'aa. Nyumbani walikubaliana kwamba amekanyaga kitu alichotegewa, na baada ya siku kumi, baada ya dawa za kunawa, maumivu yakaisha yenyewe. Bila shaka dawa za kunawa zilipata sifa. Shambulio la jongo, ambalo hospitali tunaliita gauti, huisha lenyewe ndani ya wiki moja au mbili hata ukikaa tu, na ndiyo maana kila tiba ya mtaani kwa ugonjwa huu ina mashahidi wake.

Mwaka uliofuata lilirudi mara mbili. Kisha likahamia kwenye kifundo cha mguu, kisha magoti, na mwaka huu limekuwa likija kila baada ya miezi miwili. Aliambiwa ni baridi yabisi, jina ambalo kwetu hubeba kila kitu kinachouma kwenye kiungo. Kila lilipokuja alichomwa sindano ya diklofenaki barabarani, Mikumi, Makambako, popote lilipomkutia.

Kuna zahanati moja walifikiria gauti, wakampima siku ya maumivu asidi ya yuriki kwenye damu, taka ya mwili ambayo ikizidi huleta ugonjwa huu. Ikawa 6.2 mg/dL. Wakamwambia ni ya kawaida, kwa hiyo si gauti.

Hapo ndipo kesi ilipopotea njia, na ilipotea kwa sababu ambayo wengi wetu hatukufundishwa vizuri. Wakati wa shambulio, kemikali za uvimbe huifanya figo itoe asidi ya yuriki zaidi kwenye mkojo, hivyo kiwango kwenye damu hushuka kwa muda. Majibu ya kawaida siku ya maumivu hayaondoi gauti. Ukitaka kujua kiwango halisi cha mgonjwa, mpime wiki mbili au tatu baada ya kupoa. Huyu mzee nilimpima siku ile, ikawa 6.4. Wiki tatu baadaye, akiwa ametulia na hajabadilisha chakula, ilikuwa 9.8.

Kituo kingine, mwaka jana, walitambua kuwa ni gauti. Lakini wakamwanzishia alopurinoli miligramu 300 kwa mara moja, maumivu yakiwa kileleni, bila dawa nyingine ya kumkinga. Wiki haikuisha, viungo viwili vikawaka kwa pamoja. Akaacha. Tangu hapo ikawa dawa ya kunywa siku ya maumivu tu.

Goti lenye moto na homa

Kabla ya kusema gauti, goti moja lililovimba lenye joto na mgonjwa mwenye homa lina jambo jingine la kuuliza: je, kuna usaha ndani? Bakteria wakiingia kwenye kiungo huweza kula gegedu kwa siku chache. Na kuwa na gauti hakumkingi mtu na usaha. Viwili hivyo vinaweza kukaa kwenye goti moja. Huwezi kutofautisha kwa macho wala kwa kipimo cha damu. Inabidi utoe maji.

Nilitoa mililita 40 kwa sindano, kutokea upande wa nje wa kifuu cha goti. Yalikuwa ya njano na mawingumawingu, ukiweka maandishi nyuma ya bomba la sindano hayasomeki. Kitendo hicho peke yake kilimpunguzia maumivu. Alishusha pumzi na kuniambia sasa naweza kumgusa. Maabara walihesabu chembechembe nyeupe 28,000 kwenye mikrolita. Idadi hiyo inakuacha katikati. Chini ya 2,000 hakuna moto wa maana, juu ya 50,000 unaogopa usaha zaidi, ila 28,000 inaweza kuwa chochote. Rangi ya Gram haikuonyesha bakteria. Maji mengine yakaenda kuoteshwa.

Kisha tukaangalia fuwele. Hadubini yetu ni ya kawaida, ile ya malaria na makohozi. Fundi wetu wa maabara ana ujanja wake: alinunua miwani ya jua ya polaroidi, ile wanayopenda wavuvi kwa sababu huondoa mng'ao wa maji, akakata vipande viwili vya kioo. Kimoja anakiweka juu ya taa, chini ya slaidi. Cha pili anakishika juu ya kijicho cha kutazamia na kukizungusha polepole mpaka uwanja wote ugeuke mweusi. Kitu kinachobaki kinang'aa kwenye giza lile ni fuwele. Tuliona vijiti vyembamba kama sindano, vyenye ncha kali pande zote mbili, vingine vimechoma katikati ya chembe nyeupe vikatokeza huku na huku kama mshikaki.

Hadubini kamili ya kazi hii ina kioo chekundu cha ziada. Sindano za yureti, yaani chumvi ya asidi ya yuriki, zikilala sambamba na mstari wa kioo hicho huwa za njano, zikikatiza huwa za buluu. Fuwele za kalsiamu, zinazoleta ugonjwa unaofanana na gauti, ni fupi, za umbo la msambamba, na rangi zake ni kinyume. Sisi hatuna kioo hicho, kwa hiyo umbo ndilo linalotuongoza. Lakini mzee huyu alikuwa na ushahidi mwingine aliouvaa hadharani: kwenye ukingo wa sikio la kushoto kulikuwa na kinundu cheupe chenye ukubwa wa punje ya mtama, na nyuma ya kiwiko cha kulia kingine kama kokwa la zambarau. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba vile ni sehemu ya ugonjwa uleule. Alidhani kiwiko ni cha kuegemea dirisha la lori.

Chumvi ya kwenye goti

Waliopita kwenye mashamba ya chumvi ya pwani wataelewa hili kwa haraka. Maji ya bahari yaliyofungiwa kwenye bwawa hubeba chumvi yake bila wewe kuiona, hadi kufikia kiwango fulani. Yakipita hapo hayawezi tena kuibeba, na punje zinaanza kukaa chini. Asidi ya yuriki, taka inayobaki mwili ukivunja purini za chembe zake wenyewe na za chakula, ina kiwango chake pia: kwenye joto la kawaida la mwili ni kama 6.8 mg/dL. Juu ya hapo, chumvi ya yureti inaweza kuanza kuganda kwenye gegedu na nyama za kiungo. Na kama sukari inavyogoma kuyeyuka kwenye chai iliyopoa, yureti nayo huganda upesi zaidi penye baridi. Dole gumba liko mbali na moyo, na ni baridi kuliko goti. Ukingo wa sikio vilevile.

Wanyama wengi wana kimeng'enya kinachovunja asidi ya yuriki zaidi. Binadamu alikipoteza zamani sana kwenye ukoo wake, akabaki na figo, zinazotoa kama theluthi mbili, na utumbo unaotoa iliyobaki. Wagonjwa wengi wa gauti hawatengenezi kupita kiasi. Figo zao ndizo hazitoi vya kutosha. Huyu mzee alikuwa na sababu mbili za wazi. Kreatinini yake, kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo, ilikuwa 148, ambayo kwa umri wake ni figo inayochuja kama mililita 47 kwa dakika. Na alikuwa amekunywa kidonge cha maji cha presha, ile haidroklorothiazaidi, kila asubuhi kwa miaka minane, dawa inayojulikana kuishikilia asidi ya yuriki mwilini.

Sasa, fuwele zinaweza kukaa kwenye kiungo miaka bila kuuma. Shambulio linaanza zinapobanduka na kumwagika kwenye maji ya kiungo, chembe za ulinzi zinapozimeza na kupiga yowe. Yowe hilo ni kemikali iitwayo intalukini-1, ambayo huita chembe nyeupe kwa mamilioni. Kwa hiyo kuna magonjwa mawili ndani ya kimoja: moto na kuni. Diklofenaki ya Makambako huzima moto na haigusi hata ukuni mmoja. Alopurinoli huondoa kuni polepole na haizimi moto hata kidogo. Mzee alikuwa anamwagia moto dawa ya kuni.

Kuzima moto bila kuunguza figo

Dawa za shambulio ziko za aina tatu, na kwa ubora zinalingana. Unachochagua ni madhara unayoweza kuyavumilia. Dawa za jamii ya diklofenaki, indometasini na naproksini zilitoka kwenye orodha mara moja. Mtu mwenye figo ya 47, anayekunywa enalaprili na kidonge cha maji, ukimwongezea diklofenaki umeminya figo kutoka pande tatu. Sina shaka kwamba sindano za barabarani zilichangia kreatinini ile.

Kolchisini ni nzuri ukiiwahi. Kipimo cha siku hizi ni kidogo: miligramu 1, kisha nusu miligramu baada ya saa moja, basi. Ule utaratibu wa zamani wa kumpa mtu kila saa mpaka aharishe ulikuwa unamtesa bila faida. Mwaka 2010 utafiti ulionyesha kipimo kidogo kinafanya kazi sawa na kikubwa. Lakini uzuri wake uko ndani ya saa 12 za mwanzo, na baada ya saa 36 haina nguvu ya maana. Mzee alikuwa siku ya tatu.

Ikabaki prednisoloni, ambayo ni steroidi. Miligramu 30 kila asubuhi kwa siku tano, kisha kusimama, inalingana na indometasini kwa kupunguza maumivu na ni nafuu kila duka. Kinachoogopesha ni kumpa steroidi mtu ambaye huenda ana usaha. Sikumchoma ndani ya goti, kwa sababu hiyohiyo. Nilimlaza, nikampa antibayotiki ya mshipani wakati tunasubiri uoteshaji, na baada ya Gram kurudi safi nikaanza prednisoloni. Sukari tulikuwa tunaipima asubuhi na jioni, maana steroidi huipandisha; ilifika 10.2 ikarudi. Barafu kwenye kitambaa, robo saa mara nne kwa siku. Asubuhi ya pili homa ilikuwa imeshuka, na goti lilikunja hadi nusu. Siku ya tatu uoteshaji haukuwa umeotesha kitu, tukaacha antibayotiki, akaenda nyumbani anatembea na fimbo.

Nikabadilisha dawa za presha kabla hajaondoka. Kidonge cha maji nje. Enalaprili nje, mahali pake losatani, ambayo tofauti na ndugu zake husaidia figo kutoa asidi ya yuriki kidogo. Amlodipini ikaongezwa. Si kila mwenye presha na gauti anaweza kuachishwa kidonge cha maji. Mwenye moyo uliochoka anakihitaji na utamwachia. Huyu hakuwa na moyo uliochoka.

Kuanza upya na dawa aliyoichukia

Miongozo ya siku hizi inaruhusu kuanza alopurinoli hata shambulio likiwa bado, mradi moto unazimwa sambamba. Mimi sikufanya hivyo. Mtu ambaye tayari anaamini kwamba kidonge kile ndicho kilichomuunguza, ukimpa tena goti likiwa jekundu, atakitupa kwenye mtaro wa getini. Nilimwita baada ya wiki tatu, na nikamwomba aje na mkewe.

Siku hiyo nilichoma kwa sindano nyembamba kile kinundu cha kiwiko. Kikatoka kitu cheupe kama dawa ya meno, kidogo, cha kuenea ncha ya kiberiti. Tukakipaka kwenye slaidi, fundi akazungusha vioo vyake vya miwani, nikamwambia mzee atazame mwenyewe. Alitazama muda mrefu. Sindano zilikuwa zimejaa uwanja mzima, zimelala kama majani makavu baada ya kufyeka.

"Hivi vyote viko kwenye goti?"

"Na kwenye dole, na kifundo. Vimekaa miaka."

Mkewe naye akatazama, akasema taratibu, "Kumbe hujakanyaga kitu, baba fulani. Ulikuwa umebeba."

Ndipo nikamweleza sababu ya dawa kuzidisha. Alopurinoli hupunguza utengenezaji wa asidi ya yuriki. Kiwango kwenye damu kikishuka ghafla, tabaka za fuwele zilizotulia zinaanza kulegea na kubanduka, na kila kinachobanduka kinaweza kuamsha walinzi. Ukianza na miligramu 300 unabomoa ukuta kwa nyundo. Ukiianza kidogo na kupanda taratibu, huku kolchisini kidogo ikiwatuliza walinzi, fuwele zinayeyuka bila kelele nyingi. Nyingi, si zote. Nilimwambia mapema kwamba huenda likaamka mara moja au mbili katika miezi sita ya mwanzo, na kwamba likiamka asiache.

Tulianza na miligramu 50, yaani nusu ya kidonge cha 100, kila siku, pamoja na kolchisini nusu miligramu kwa siku kwa miezi sita. Kuanza chini kuna sababu ya pili, na hiyo ni ya uhai: alopurinoli kwa watu wachache huleta mzio mkali unaobabua ngozi na kuharibu ini na figo, hasa katika wiki nane za mwanzo, na kuanza na kipimo kikubwa kwa mwenye figo dhaifu kunaongeza hatari. Kuna kipimo cha vinasaba cha kuwatambua baadhi ya walio hatarini, kwetu hakipatikani. Kwa hiyo maelekezo yalikuwa ya wazi kwa wote wawili: vipele, homa, vidonda mdomoni au macho mekundu, acha siku hiyohiyo na uje. Likiuma kiungo, endelea. Wagonjwa wengi huchanganya haya mawili, na kusema kweli hata mimi nikiwa intani nilikuwa nawaambia watu waache dawa kila shambulio lilipokuja. Nimewarudisha wengi nyuma.

Wiki ya sita simu ililia saa kumi alfajiri.

"Daktari, dole limeamka."

"Umekunywa zile za dharura?"

"Nimeshika mkononi. Nilitaka kwanza nikuulize kama niache ile nyingine."

Nilikuwa nimemwachia kolchisini za ziada kwa ajili hiyo. Alikunywa miligramu 1, na nusu baada ya saa moja. Kile cha kila siku akakirudia baada ya saa 12. Kufikia jioni ya siku ya pili alikuwa anavaa kiatu. Shambulio la siku mbili kwa mtu aliyezoea kumi lilifanya kazi ambayo maneno yangu yasingeifanya.

Mwezi wa tatu ulileta jambo lililonitisha zaidi. Alipata kifua, duka moja likampa klarithromaisini. Dawa hiyo huzuia njia ambayo mwili hutumia kuondoa kolchisini, na kwa mwenye figo pungufu mchanganyiko huo umewahi kuua watu. Bahati alikuwa na kikaratasi nilichokibandika kwenye kadi yake, mkewe akakisoma, wakanipigia kabla ya kidonge cha kwanza. Tukampa amoksilini. Kikaratasi hicho kina majina machache tu: klarithromaisini, erithromaisini, ketokonazoli, na dawa za VVU zenye ritonavia. Mgonjwa akiharisha sana au misuli ikilegea akiwa kwenye kolchisini, aache kolchisini na aje.

Kupanda mpaka kufika

Jambo ambalo huharibu tiba hii kuliko mengine yote ni kutopima. Mtu anapewa alopurinoli, anaambiwa kunywa, na hakuna anayeangalia kama imefika. Lengo ni asidi ya yuriki chini ya 6, na kwa mwenye vinundu chini ya 5 mpaka viishe, kwa sababu kadiri unavyoshuka chini ya kiwango cha kuganda ndivyo fuwele zinavyoyeyuka haraka.

Mzee tulimpandisha kwa miligramu 50 kila mwezi, baadaye 100, kila mara tukipima yuriki, kreatinini na ini. Kwenye 200 alikuwa 7.9. Kwenye 300 alikuwa 6.7, na hapo ndipo wengi husimama, kwa sababu kidonge kikubwa ni cha 300 na kwa sababu tulifundishwa kwamba mwenye figo pungufu asipitishwe kipimo fulani. Fundisho hilo limelegea. Utafiti wa New Zealand uliochapishwa mwaka 2017 uliwapandisha wagonjwa taratibu kupita kile kipimo cha zamani, wengi wao wenye figo pungufu, na wengi wakafika lengo. Lakini 6.7 iko pembeni tu mwa 6.8: fuwele mpya hazigandi, za zamani nazo haziondoki. Kwenye 400 akashuka hadi 5.4, na kwenye 450 akatua 4.7. Ilichukua miezi tisa.

Chakula nimekiacha mwisho makusudi. Mkewe alikuwa amemlisha kabichi na ugali kwa miaka miwili, bila nyama, bila maharage, na bado alikuwa 9.8. Mlo mkali kabisa hupunguza kama 1 mg/dL, ukibahatika. Maharage hayana kosa. Purini za mimea hazijaonekana kuongeza gauti, na alipoambiwa hivyo mama yule aligeuka akamtazama mumewe kama aliyenyang'anywa kitu kwa miaka miwili. Bia ndiyo inayostahili lawama, kisha maini, figo na supu ya utumbo, dagaa kwa wingi, na soda, maana sukari ya soda huongeza yuriki pia. Mzee alikubali kupunguza bia. Soda za njiani zilimshinda kwa muda, akaanza kubeba dumu la maji kwenye lori.

Mwezi wa kumi na moja lori lake lilikwama mpakani wiki tatu, vidonge vikaisha. Alivyorudi yuriki ilikuwa imepanda hadi 8.3. Hakupata shambulio, lakini alikuja na swali ambalo kila mgonjwa hulileta siku moja: kama haliumi tena, kwa nini nisiache? Nilimwonyesha karatasi mbili, ile ya 4.7 na ile ya 8.3, wiki tatu bila dawa katikati. Alizikunja pamoja akaziweka kwenye leseni. Tulirudia 450 akiwa na kolchisini tena kwa miezi mitatu, maana kushuka kutoka 8.3 ni kuanza kubomoa upya.

Sasa ni mwezi wa kumi na saba. Punje ya sikioni haipo. Ngozi imerudi laini. Kokwa la kiwiko limebaki kama punje ya njegere na linalegea ukilibonyeza. Kreatinini ni 131, bila diklofenaki hata moja. Miezi tisa bila shambulio. Anabeba vidonge vya miezi miwili kila safari, nusu kwenye begi na nusu kwenye droo ya dashibodi, ndani ya kopo la kahawa kwa sababu ya joto na vumbi. Kiwiko kikiisha kabisa tutaacha kufukuza chini ya 5 na kumweka chini ya 6.